Nadharia ya amri: kwa nini mazoea ya kutii hayatoshi kumfanya mtu mwenye enzi

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa sheria. Tumefundishwa kwamba kwa Austin sheria ni amri ya mwenye enzi, ambaye watu wamezoea kumtii, na nyuma ya amri hiyo kuna tishio la adhabu. Mimi naona ni kweli kabisa: serikali inaamuru, asiyetii anaadhibiwa. Mbona kila ninachosoma kinasema nadharia hii imekufa? Na kama imekufa, imefia wapi hasa, kwenye adhabu au kwenye mwenye enzi?*

Marahaba. Imefia kwa mwenye enzi, na hasa katika yale mazoea ya kutii. Hoja za adhabu hupendwa madarasani kwa sababu ni nyepesi kueleza, lakini mtetezi wa Austin ana la kujibu. Hoja ya mazoea hana namna ya kuijibu bila kuiacha nadharia yenyewe. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo, kisha nirudi kwenye adhabu.

Kwanza tumtendee haki Austin, maana wengi humpinga kabla ya kumsikiliza. John Austin (1790–1859) alikuwa mwanajeshi, kisha wakili, kisha profesa wa falsafa ya sheria katika Chuo Kikuu cha London kilipokuwa bado kichanga. Mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1832. Mengi aliyachukua kwa Jeremy Bentham, na nyuma yao wote wawili yuko Thomas Hobbes wa karne ya 17. Kilichomkera Austin ni mtindo wa waandishi waliomtangulia, mwanasheria Blackstone wa karne ya 18 akiwa mbele yao, wa kusema kwamba sheria ya binadamu inayopingana na sheria ya Mungu haina nguvu. Austin alijibu kwa mfano mkali: mtu akihukumiwa kunyongwa kwa tendo lisilo na madhara yoyote, akapinga kwamba hukumu hiyo inavunja sheria ya Mungu, mahakama itamwonyesha udhaifu wa hoja yake kwa kumnyonga. Kuwepo kwa sheria ni jambo moja, uzuri au ubaya wake ni jambo jingine. Ili hilo lisimame, alihitaji kipimo cha sheria kisichotegemea maadili, kipimo ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho katika jamii.

Kipimo chenyewe kinajengwa hivi. Amri ni matakwa ya mtu aliye na uwezo na nia ya kukudhuru usipoyatimiza. Wajibu ni ile hali ya kuwa wazi kwa madhara hayo, hata kama uwezekano wa kuyapata ni mdogo sana. Amri ikielekezwa kwa watu au matendo kwa ujumla, si kwa tukio moja tu, ni sheria. Na ikiwa imetoka kwa mwenye enzi, ndiyo sheria ambayo mwanasheria anashughulika nayo. Mwenye enzi anatambulika kwa alama mbili: sehemu kubwa ya jamii imezoea kumtii, na yeye mwenyewe hana mazoea ya kumtii binadamu mwingine aliye juu yake. Kwa Uingereza, Austin alisema mwenye enzi huyo ni mfalme, mabwana wa Baraza la Juu, na wapiga kura wanaowachagua wabunge.

Matokeo mawili yanafuata, na Austin hakuyakwepa. Mwenye enzi hawezi kufungwa na sheria, kwa sababu anayemfunga ndiye angekuwa mwenye enzi. Na kile tunachokiita sheria ya katiba, kwa upande unaomhusu mwenye enzi mwenyewe, pamoja na sheria ya kimataifa, si sheria kwa maana kamili. Hayo aliyaweka katika fungu la maadili yanayoshikiliwa na maoni ya watu.

Sasa tuyapime hayo mazoea. H. L. A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliuliza swali ambalo linaonekana dogo. Chukua mfalme aliyetawala miaka mingi, Hart anamwita Rex. Watu wamezoea kumtii. Rex anafariki, mwanawe anashika kiti, na siku hiyohiyo anatoa amri yake ya kwanza. Je, ni sheria? Kila mtu atasema ndiyo. Lakini kwa kipimo cha Austin haiwezi kuwa sheria, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumtii mfalme huyu mpya. Mazoea yanahitaji muda, naye hajapata muda. Ingetubidi tusubiri miezi kadhaa tuone kama watu watamtii, na katika kipindi hicho nchi isiwe na sheria mpya hata moja.

Mtetezi wa Austin hujibu kwamba watu wamezoea kumtii yeyote anayerithi kiti kihalali. Tazama jibu hilo limefanya nini. Neno “kihalali” limeingia. Watu hawamtii mtu fulani kwa mazoea. Wanakubali kanuni inayosema nani ana haki ya kutunga sheria baada ya nani. Uingereza kanuni hiyo imo katika sheria ya mwaka 1701 ya kurithi ufalme, na ndiyo maana mfalme anapokufa hakuna saa hata moja ambayo kiti kinakuwa wazi. Basi kanuni imetangulia na mwenye enzi amefuata. Austin alitaka kueleza kanuni kwa kutumia mwenye enzi, na sasa mwenye enzi hapatikani bila kanuni.

Hapa ndipo Hart alipotofautisha mazoea na kanuni, na naomba usilipite hili haraka. Watu wengi wanaweza kuwa na mazoea ya kunywa chai asubuhi. Asiyekunywa hakosolewi, wala hahitaji kujitetea. Lakini kwenye foleni, anayeruka wenzake hukosolewa, na wanaomkosoa huona wana sababu ya kufanya hivyo. Hata yeye mwenyewe hutafuta udhuru. Ukiwa mbali ukihesabu tu watu wanavyotenda, mambo hayo mawili yanafanana: wengi wanafanya jambo lilelile. Tofauti iko katika namna wahusika wanavyolichukua tendo, kama kipimo cha kujipima na kuwapima wengine. Hart aliita huo mtazamo wa ndani, na Austin hakuwa na nafasi yake popote, kwa kuwa alikuwa anahesabu matendo kutoka nje.

Swali hilohilo la Rex linaweza kugeuzwa liangalie nyuma. Mwaka 1944 mahakama ya London ilimtia hatiani Helen Duncan, mwanamke aliyedai kuzungumza na wafu, kwa kutumia sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Mfalme na wabunge walioitunga walikuwa wamekufa zaidi ya karne moja, na haikuwepo tena jamii iliyokuwa na mazoea ya kuwatii. Hobbes aliwahi kutoa jibu kwamba mwenye enzi wa leo anaziamuru sheria za kale kwa kunyamaza, kwani angeweza kuzifuta na hakuzifuta. Lakini mahakama haikuchunguza kama Bunge la 1944 lilikuwa linakumbuka sheria hiyo na kuitaka. Iliuliza tu kama ilitungwa ipasavyo na haijafutwa. Tena, kama kunyamaza ni kuamuru, basi sheria ya Bunge lililopita haingekuwa sheria leo mpaka mahakama iitumie na Bunge la sasa lione na kunyamaza, na hakuna jaji anayefikiri hivyo.

Mfano wa Rex ni wa kubuni, na wanafunzi wengine huona kwamba ni ujanja wa maneno. Nitakupa kesi ya kweli, kutoka Afrika Kusini, ambako suala la nani ni mwenye enzi lilipiganiwa mahakamani kwa miaka mitano.

Muungano wa Afrika Kusini uliundwa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1909. Kifungu cha 35 kililinda haki ya kupiga kura katika jimbo la Cape: mtu asiondolewe kwenye orodha ya wapiga kura kwa sababu ya rangi yake, isipokuwa kwa sheria iliyopitishwa na mabaraza mawili ya Bunge yakikaa pamoja, tena kwa theluthi mbili ya wajumbe wote. Mwaka 1936 Waafrika waliondolewa kwenye orodha ya pamoja ya Cape kwa kufuata utaratibu huo. Mwaka 1951 serikali ya chama cha National ilitaka kuwaondoa pia watu wa asili mchanganyiko, waliokuwa wakiitwa “wa rangi” katika mgawanyo wa serikali. Haikuwa na theluthi mbili. Ikapitisha sheria kwa wingi wa kawaida, kila baraza likikaa peke yake, kama inavyopitishwa sheria nyingine yoyote.

Hoja ya serikali ilikuwa ya Austin kabisa. Tangu mwaka 1931 Bunge la Uingereza lilikuwa limelegeza mkono wake juu ya nchi hizo. Bunge la Afrika Kusini halimtii yeyote. Kwa hiyo ni lenye enzi, na mwenye enzi hafungwi na utaratibu wa zamani. Mwaka 1952, katika kesi ya Harris, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Centlivres ilikataa, majaji wote wakiwa kauli moja. Walisema nchi inaweza kuwa na enzi kamili bila Bunge lake kuwa na uwezo wa kufanya lolote kwa namna yoyote. Kwa jambo lililolindwa na kifungu cha 35, “Bunge” maana yake ni mabaraza mawili yakiwa yamekaa pamoja na kufikia theluthi mbili. Walichofanya wabunge wakikaa mbalimbali, kwa jambo hilo, si tendo la Bunge.

Serikali ikajibu mwaka huohuo kwa sheria iliyoligeuza Bunge lenyewe kuwa “Mahakama Kuu ya Bunge” yenye uwezo wa kutengua hukumu za majaji. Mahakama ya Rufani ikaibatilisha nayo. Mwaka 1955 serikali ikaongeza idadi ya majaji wanaosikiliza kesi za namna hiyo hadi 11, na ikapanua Seneti kutoka wajumbe 48 hadi 89 ili ijipatie wingi iliouhitaji. Mwaka 1956 mabaraza yalikaa pamoja, theluthi mbili ikapatikana, wapiga kura wale wakaondolewa. Kesi ya mwisho ilishindwa mahakamani kwa majaji kumi dhidi ya mmoja, Jaji Schreiner.

Jaribu sasa kumtafuta mwenye enzi wa Austin siku moja kabla ya hukumu ya kwanza. Unaangalia mazoea: watu wanatii sheria za Bunge. Bunge lipi? Lile la mabaraza mawili yakikaa mbalimbali, au lile la kikao cha pamoja na theluthi mbili? Mazoea ya watu ni yaleyale katika hali zote mbili; hayawezi kukuambia. Walikuwa watu walewale katika majengo yaleyale. Kilichotofautisha tendo la Bunge na mkutano wa wanasiasa ni kanuni ya jinsi ya kukaa na kupiga kura. Ukisema mwenye enzi ni kikao cha pamoja, hujasalimika: umemtambua kwa kifungu cha sheria, na tena kwa mambo mengine yote nchi ilitungiwa sheria na chombo kilichokaa kwa namna nyingine. Mwenye enzi anayebadilika sura kulingana na mada iliyo mezani si yule binadamu au kundi maalumu ambalo Austin aliahidi kutuonyesha.

Na fikiria pia mwenendo wa serikali yenyewe. Ilikuwa na polisi, jeshi na wingi wa wabunge. Kama sheria ni amri ya mwenye nguvu tu, kwa nini ihangaike miaka mitano na kuijaza Seneti? Kwa sababu wasajili wa wapiga kura, mahakimu na maofisa walikuwa na kanuni ya pamoja ya kutambua lipi ni sheria na lipi si sheria, na serikali ilizihitaji kazi zao. Hart aliita kitu hicho kanuni ya utambuzi. Haipo kwa kuamriwa na mtu. Ipo kwa sababu maofisa wanaitumia na kuichukua kuwa kipimo chao cha pamoja.

Kesi hiyo inanifundisha jambo jingine, na hapa natofautiana na wanaomtupa Austin jumla. Kanuni haikuwaokoa wapiga kura wale. Ilifuatwa neno kwa neno, na udhalimu ukapita. Kwa walio wengi nchini humo, ambao hawakuwa na kura kabisa, sheria ilifika kama amri yenye tishio na si zaidi. Austin ameeleza vizuri jinsi sheria inavyoonekana na mtu aliyetengwa nayo. Hart mwenyewe alikiri kwamba mfumo wa sheria unaweza kusimama hata kama ni maofisa peke yao wanaozikubali kanuni, na wengine wote wanatii kwa hofu. Kwa hiyo usidhani kwamba ukiipinga nadharia ya amri umethibitisha kuwa sheria ni jambo jema. Ule utengano wa sheria na uzuri wake unabaki, hata msingi aliouwekea Austin ukiondolewa.

Turudi kwenye adhabu. Hoja maarufu ni kwamba sheria nyingi haziamuru chochote. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1837 inasema wosia usainiwe mbele ya mashahidi wawili walio pamoja kwa wakati mmoja. Haimwamuru mtu kuandika wosia. Inampa njia ya kuamua mali yake iende wapi atakapokufa. Austin alikuwa na jibu: ubatili ndio adhabu. Ukisaini mbele ya shahidi mmoja, wosia unakufa, na hayo ni madhara yako.

Lifuate jibu hilo hadi mwisho wake. Mwenye wosia amekwisha kufa, haadhibiwi. Anayekosa mali ni yule aliyetajwa katika wosia, ambaye hakuvunja chochote na labda hakujua kama wosia upo. Ndugu wa karibu, watakaorithi wosia ukianguka, wananufaika. Zaidi ya hapo, katika sheria ya wizi unaweza kuiondoa adhabu na bado ukabaki na kitu kinachoeleweka: usiibe. Katika sheria ya wosia ukiondoa ubatili hakuna kinachobaki, kwa sababu masharti ya mashahidi na matokeo ya kutoyatimiza ni kitu kimoja. Hii ni hoja nzuri, lakini ona kwamba mtetezi mkaidi anaweza kurudi nyuma na kusema sheria zote za wosia ni vipande vya amri moja ndefu kwa mahakimu, wagawe mali hivi na si vile. Hans Kelsen, mwanafalsafa wa sheria wa karne ya 20, alielekea huko. Si upuuzi, gharama yake ni kwamba haielezi tena jinsi mtu anavyoitumia sheria kupanga maisha yake, na hilo ndilo raia wengi wanalolifanya na sheria kila siku.

Hoja ya jambazi nayo utakutana nayo. Mtu anakuelekezea bunduki na kudai pesa, unampa. Ana uwezo, ana nia, ametoa matakwa yake. Hakuna atakayesema ulikuwa na wajibu wa kumpa. Austin angekumbusha kwamba jambazi hana mazoea ya kutiiwa wala hatoi amri za jumla. Sawa, mpe jambazi wako eneo zima na miaka kumi ya hofu. Amepata alama zote mbili, na bado hatujaona wajibu ulikoingilia. Hoja hii inaishia palepale tulipoanzia.

Kuna mkosoaji mmoja wa kale ambaye vitabu vya kozi humtaja kwa kifupi mno. Henry Maine, mwaka 1875, alimchukua Ranjit Singh, mtawala wa Punjab aliyefariki mwaka 1839. Alikuwa na alama zote za Austin: alitiiwa kikamilifu, hakumtii mtu, na aliyemwasi aliweza kupoteza kiungo au maisha. Alikusanya kodi na askari. Lakini, asema Maine, hakuwahi kutunga sheria hata moja kwa maana ya Austin. Ndoa, urithi na ardhi viliendeshwa kwa mila za kale zilizosimamiwa na familia na jumuiya za vijiji, na Ranjit Singh asingeota kuzibadili. Kusema kwamba aliziamuru kwa kunyamaza ni kumpa kazi ambayo hakuwahi kuifikiria. Maine alihitimisha kwamba nadharia hiyo inaendana na dola za aina fulani, zile zenye mabunge yanayotunga sheria mfululizo.

Je, mazoea ya kutii hayana kazi yoyote? Yanayo, ila si ile aliyoyapa Austin. Uganda, mwaka 1966, Milton Obote aliiweka kando katiba ya uhuru na katiba mpya ikapitishwa tarehe 15 Aprili. Katika kesi ya Matovu, mahakama chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma iliamua kwamba katiba mpya ni halali kwa kuwa mapinduzi yalikuwa yamefanikiwa, ikitumia nadharia ya Kelsen kwamba mapinduzi yakifanikiwa huleta msingi mpya wa sheria. Ushahidi uliotegemewa ulikuwa viapo vya maofisa wakuu wa serikali kwamba katiba hiyo imekubalika na imekwisha kushika nchi nzima. Hapo utii unafanya kazi ya kuonyesha kama mfumo mzima upo hai. Hautuambii nani ndani ya mfumo huo ana mamlaka ya kutunga nini. Na unaacha swali ambalo majaji wa Matovu walikosolewa kwalo: ikiwa kukubali kwa maofisa ndiko kunakouweka mfumo mpya, basi jaji anayetamka kwamba umekwisha kukubalika ni mmoja wa wanaoukubali, na hukumu yake ni sehemu ya kile inachodai kukishuhudia.